Miezi Sita ya Ujerumani na Ngazi za Kibokoni

Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 2014, Profesa Ali Mazrui alizikwa katika makaburi ya ukoo wake yaliyo mkabala wa Ngome ya Yesu, baada ya kuswaliwa Msikiti wa Mbaruk, Mji wa Kale wa Mombasa. Alikuwa amefariki Marekani siku chache kabla. Tangu siku hiyo jina lake halikosekani katika barza za familia zenye mtoto ng'ambo. Mzee mmoja atasema kijana amalize masomo arudi, mama hajiwezi. Mwingine atamjibu, "Si Profesa alikaa huko miaka yote, na mwisho akaletwa kwao?"

Kazi yangu ni kushauri wanafunzi na wazazi juu ya vibali vya ukaazi, na hoja hiyo nimeisikia mara nyingi. Haina uzito inaopewa. Mazrui hakuanza kwa kubaki. Alisomea Manchester, Columbia na Oxford, lakini mwaka 1963 alikuwa tayari Makerere akifundisha, na miaka michache tu baadaye alikuwa profesa pale, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Alirudi Afrika Mashariki wakati ambapo vyuo vyetu vilikuwa vikitafuta Waafrika wa kushika nafasi, na nafasi zenyewe zilikuwa za juu. Alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni utawala wa Idi Amin uliomwondoa. Michigan ikamwajiri mwaka 1974, na baadaye Binghamton. Kwa hiyo alirudi kwanza, akajijengea jina kwetu, kisha akaenda kwa wito wa chuo kilichomtaka. Kijana wa leo anayemaliza shahada Berlin au Leeds hana mlango wa namna hiyo. Yeye anaishi kwa kibali chenye tarehe, na tarehe hiyo ndiyo itakayoamua mambo kama yeye mwenyewe hajaamua.

Nitaisema hoja yangu mapema. Wengi hupima suala hili kwa mshahara wa huko dhidi ya mshahara wa hapa, au mapenzi ya mzazi dhidi ya tamaa ya kijana. Mimi nawaambia wapime kwanza kibali, na swali la kwanza kukiuliza kibali ni hili: kinaniruhusu kukaa nje kwa muda gani kabla hakijafa? Mwenye kulijua jibu hilo anaweza kumtumikia mzazi wake bila kuiangusha kazi yake. Asiyelijua hugundua akiwa uwanja wa ndege.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, kwa sababu wanafunzi wa Kenya wanazidi kuelekea huko na kwa sababu serikali hizi mbili zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kazi mjini Berlin Septemba 2024. Mfano wenyewe nimeuunda kutokana na visa vya watu kadhaa ili pasiwe na mtu wa kutambuliwa. Binti wa Kibokoni, mzaliwa wa kwanza, baba amefariki, mama yuko na mdogo wake wa kiume katika nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa. Alifika Ujerumani Oktoba 2021 kusomea shahada ya uzamili ya uhifadhi wa majengo ya kale, masomo ambayo hutolewa kwa Kiingereza. Ili apate viza ilibidi aonyeshe fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, wakati huo euro 10,332. Leo ni 11,904. Sehemu alitoa ami yake, sehemu ilitoka kwenye dhahabu ya mama. Nalitaja hili kwa sababu fedha hizo ndizo zinazowapa watu wa nyumbani haki ya kusema katika uamuzi, na mimi sioni kuwa wanakosea kuidai.

Alimaliza Septemba 2023. Sheria ya Ujerumani humpa aliyehitimu chuo cha huko kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili aishi. Hapa ndipo wengi waliosoma kwa Kiingereza hukwama. Darasani hawakuhitaji Kijerumani, lakini ofisi ya wasanifu inayokarabati makanisa na nyumba za zamani huzungumza na mafundi waashi, na mwashi wa Saksonia hazungumzi Kiingereza na mtu. Binti wetu alikuwa amesoma lugha jioni tangu mwaka wa kwanza, akafika kiwango cha B1. Machi 2024 akapata kazi Dresden, mshahara euro 3,200 kwa mwezi kabla ya makato, na kibali chake kikabadilishwa kuwa cha mfanyakazi mwenye ujuzi.

Kuanzia hapo hesabu mbili zinakwenda kwa pamoja. Ya kwanza ni ya ukaazi wa kudumu. Aliyehitimu Ujerumani anaweza kuuomba baada ya miaka 2 ya kibali cha kazi ya ujuzi, akiwa na michango ya miezi 24 katika bima ya pensheni na Kijerumani cha B1. Kwake yeye hiyo ni Machi 2026. Ya pili ni ya uraia, ambao huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi halali, na miaka ya masomo nayo huhesabiwa. Hiyo ni Oktoba 2026, na baada ya kuwasilisha maombi, ofisi za miji mikubwa mara nyingi huchukua zaidi ya mwaka kujibu.

Novemba 2025 mama akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki.

Mtu asiyeujua Mji wa Kale ataliona jambo hili kuwa la pesa, na pesa binti anazo za kutosha kutuma. Lakini nyumba ya Kibokoni ina ngazi nyembamba zilizosimama wima, kuta za mawe ya matumbawe kila upande, na mama analala juu. Kichochoro hakipitishi gari. Siku ya mashine lazima apatikane mtu wa kumshusha mama pole pole, mwingine amshike mkono hadi barabarani tuktuk iliposimama, akae naye saa nne hospitali, kisha amrudishe akiwa hana nguvu hata ya kuinua mguu kupanda ngazi zile zile. Hiyo ni siku mbili nzima kila wiki. Mdogo wake amefungua duka, na siku hizo mbili duka hufungwa. Simu zikaanza. Mama hakusema mengi, aliuliza tu, "Mwanangu, waja lini?" Ami ndiye aliyesema kwa ukali kwamba elimu isiyomsaidia mzazi haina maana.

Sasa tuangalie angefanya nini. Siku anapopigiwa simu ana michango ya miezi 20. Akiacha kazi na kuondoka, ukaazi wa kudumu uliobakiza miezi 4 unapotea. Na hata asiwe na nia ya kuhama, kibali chake hufa kwa njia mbili. Njia moja ni kukaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Nyingine watu wengi hawaijui: kibali hufa hata kabla ya miezi hiyo kutimia, iwapo ameondoka kwa sababu ambayo kwa asili yake si ya muda. Aliyeacha kazi, akarudisha nyumba ya kupanga, akajiondoa katika daftari la wakazi na kusafirisha vyombo kwa meli, hawezi kuja kudai mwezi wa tano kwamba alikwenda kusalimia. Ofisi ya wageni huangalia hizo dalili.

Watu hufikiri kwamba wakishaupata ule ukaazi wa kudumu, tatizo hili limekwisha. Halikwisha. Kanuni ya miezi sita inaufuata na wenyewe. Nimeona waliopata kibali cha kudumu kwa jasho, wakarudi Mombasa mwaka mzima kuuguza, na waliporudi wakaambiwa kibali kimekwisha nguvu zamani. Kuna aina ya ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya inayovumilia miezi 12 nje ya Umoja huo, lakini hiyo huhitaji miaka 5, na miaka ya masomo huhesabiwa nusu tu. Uingereza ni wapole zaidi, kwani ukaazi wao wa kudumu hufa baada ya miaka 2 mfululizo nje. Falme za Kiarabu, ambako nusu ya Mji wa Kale ina jamaa, kibali cha kawaida hufa baada ya miezi sita na hakuna cha kudumu mbele yake cha kukingojea, ndiyo maana mtu wa Dubai hujua tangu siku ya kwanza kwamba atarudi.

Lipo jambo moja katika sheria ya Ujerumani ambalo ningependa kila mwanafunzi aliandike ukutani. Ofisi ya wageni ina uwezo wa kumwandikia mtu muda mrefu kuliko miezi sita, akiomba na kueleza sababu. Barua ya hospitali ya Mombasa iliyotafsiriwa, barua ya mwajiri kwamba nafasi yake inamngojea, na uthibitisho kwamba nyumba bado anailipia, hivyo huweza kumpatia muda huo. Aombe kabla ya kuondoka. Akiandika kutoka Kibokoni mwezi wa saba, hakuna tena kibali cha kuongezewa muda.

Kwa binti huyu, ushauri ambao ningempa ni asiondoke Novemba kwa kuacha kazi, wala asikae akisubiri Machi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ujerumani, mfanyakazi wa siku tano kwa wiki ana haki ya likizo ya siku 20 za kazi kwa uchache, na waajiri wengi hutoa karibu 30. Mwisho wa mwaka ni wakati mzuri: siku zilizobaki za 2025 zikiunganishwa na za 2026, akiongeza sikukuu zao, zinampa wiki sita au saba nyumbani bila kibali kuguswa na bila mchango kukatika. Ajihadhari na likizo isiyo na mshahara. Ikizidi mwezi mmoja, bima husimama, na ile miezi 24 husogea mbele kwa kiasi hicho hicho.

Wiki sita hizo asizitumie kukaa kitako karibu na mama tu, ingawa hilo ndilo mama atakalolitaka. Amhamishie chumba cha chini, na hapo patahitaji kuzungumza na warithi wenziwe kwa sababu chumba hicho huenda kimepangishwa na kodi yake hugawanywa. Akubaliane na mdogo wake kwa maneno ya wazi: siku moja ya mashine ni ya mdogo wake, siku ya pili ni ya mtu atakayelipwa na dada, na hasara ya duka inafidiwa. Ndugu aliyebaki nyumbani ndiye anayebeba mzigo wa uamuzi wa aliyeko ng'ambo, na mara nyingi hubeba bila kuulizwa. Familia nyingi nilizoziona zikigombana baada ya msiba hazikugombania nyumba kama wanavyosema. Ziligombania miaka ambayo mmoja alikuwa akipanda na kushuka ngazi huku mwingine akituma pesa na kushukuriwa.

Hesabu ya pensheni nayo iingie hapa, maana husahaulika. Mchango ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Nusu yake binti ni euro 297.60 kwa mwezi, na kwa miezi 20 ni euro 5,952. Mkenya akihama Ulaya, anaweza kurudishiwa nusu yake, lakini baada ya kungoja miezi 24. Nusu ya mwajiri hairudi. Asipoomba kurudishiwa, na akiwa ametimiza miezi 60 ya michango, haki ya pensheni inabaki hadi uzeeni. Na anayerudishiwa afahamu kwamba miezi hiyo imefutwa. Akija kurejea Ujerumani siku moja, ataanza kuhesabu upya. Euro elfu sita ni pesa nzuri ya kuanzia maisha Mombasa, lakini ni bei ya chini ukilinganisha na kinachouzwa.

Upande wa kazi, nyumbani hakuko maskini kama inavyosemwa. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mawimbi yanaila miamba iliyo chini yake. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na kila mwaka utaona ukuta mwingine umepigwa plasta ya saruji na mwenye nyumba aliyedhani anautengeneza. Saruji huziba pumzi ya jiwe. Unyevu na chumvi ya bahari hubaki ndani, na baada ya miaka kadhaa ukiigonga plasta utasikia mlio wa uwazi, halafu inaanguka na ngozi ya jiwe pamoja nayo. Boriti nazo huoza pale zilipoingia ukutani, mahali usipopaona. Mtu aliyejifunza Dresden kupima chumvi ndani ya ukuta na kuchanganya chokaa kwa kipimo ana kazi ya maisha mazima kati ya Ndia Kuu na Forodhani. Tatizo ni mwajiri. Kwa ujuzi huo, anayeajiri kwa kudumu ni Makumbusho ya Taifa, yenye ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, pengine na kaunti. Kinachobaki ni miradi ya wafadhili inayokuja na kuondoka. Ujerumani waajiri ni wengi lakini yeye ni mmoja kati ya wengi. Hapa angekuwa mmoja kati ya wachache, asiye na uhakika wa mshahara wa mwezi ujao.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kurudi ni jambo jema kwa mtu kama yeye, na kwamba kosa kubwa ni kurudi katikati. Kuna nyakati mbili za kurudi ambazo hazimvunji mtu. Ya kwanza ni mara tu baada ya shahada, wakati hajajenga chochote cha kubomoa. Wengi huogopa kwamba wakirudi wakati huo mlango umefungwa, na sivyo. Anachokipoteza ni ile miezi 18 na hesabu ya miaka. Shahada ya Kijerumani haipungui thamani, na akipata ajira huko baadaye anaweza kuomba viza ya kazi kwenye ubalozi Nairobi kama mtu ambaye ujuzi wake tayari unatambuliwa. Wakati wa pili ni baada ya uraia. Kati ya hapo, yaani mwaka wa tatu hadi wa tano, mtu ameshalipa gharama kubwa ya kubaki na hajapata cha kuondoka nacho, na kwa bahati mbaya huo ndio umri ambao wazazi wetu huanza kuugua.

Uraia wenyewe umebadilika uzito. Zamani Mkenya aliyeutaka wa Ujerumani kwa kawaida alitakiwa kuacha wa kwao, na wengi walikataa, wala siwalaumu. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na Katiba yetu ya 2010 inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuwa na uraia mwingine bila kupoteza wake. Akiupata, anatakiwa na sheria ya uraia ya 2011 kuitaarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Katiba inamzuia mwenye uraia pacha kuwa afisa wa dola, kama vile mbunge au gavana, lakini haimzuii kuajiriwa Makumbusho. Na mwenye pasi hiyo anaweza kuishi Kibokoni miaka kumi, kisha akarudi Dresden bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo ratiba ya binti huyu ninayoiona ni kwenda nyumbani Desemba, kurudi, kuomba ukaazi wa kudumu Machi 2026 ili asifungwe tena na mwajiri mmoja, kisha kuwasilisha maombi ya uraia Oktoba. Wakati maombi yakishughulikiwa asihame, kwa sababu akihama yanaanguka, lakini anaweza kuja nyumbani kwa miezi miwili mitatu, tena kwa barua. Ami ataiona ratiba hii ndefu. Aonyeshwe tarehe, na aambiwe kila ziara itakuwa lini, kwani mzee anayejua mtoto anarudi Ramadhani hii na ile ijayo hazungumzi kama mzee aliyeambiwa "tutaona".

Kitu kimoja kinaibatilisha ratiba yote, nacho kiko kwa daktari wa figo, hakiko ofisi ya wageni. Mgonjwa wa mashine anaweza kuishi miaka mingi. Anaweza pia kuwa na moyo uliochoka ambao hautampa mwaka. Familia nyingi hazimwulizi daktari swali hilo kwa kuogopa jibu, na binti anapanga kwa kubahatisha. Amwulize yeye mwenyewe, kwa simu ikibidi, bila ami wala mdogo wake kusimama kati. Jibu likiwa ni miezi, basi aombe barua ya ofisi ya wageni asubuhi na akate tiketi jioni, hata kama barua haijatoka na hata kama imebaki wiki moja kufika Machi. Kibali cha kazi kitaombwa tena Nairobi, kwa shahada ile ile.